Kusogeza kikao wakati mnunuzi ameshakata tiketi

Ukifanya kazi na wanunuzi wa mazao huku Nyanda za Juu Kusini, ujumbe huu umeshauona, na huenda umeshautuma: "Habari boss, samahani, kuna dharura imejitokeza, kikao cha kesho hakitawezekana. Tutapangana." Unaingia saa 3 usiku, mteja ameshapanga begi. Hajui dharura ni ipi, hajui kikao kipya ni lini, na hilo neno "tutapangana" maana yake ni kwamba kazi ya kutafuta siku ameachiwa yeye. Mtu mmoja aliyekuwa akinunua kahawa Mbozi aliwahi kuniambia kwamba akipata ujumbe wa namna hiyo hamkasirikii aliyeutuma, ila anaanza kujiuliza kama mzigo nao utakuja hivyohivyo.

Mimi ni mratibu wa AMCOS, yaani chama cha ushirika wa masoko, ya wakulima wa parachichi wilayani Rungwe. Mnunuzi wetu mkubwa, mama mmoja wa Dar es Salaam anayesafirisha nje, huchukua zaidi ya nusu ya matunda yetu ya aina ya Hass. Nataka nieleze kikao kimoja tulichokisogeza siku moja kabla, hatua kwa hatua, kwa sababu naona watu wengi wanahangaika kutafuta maneno mazuri ya kuomba radhi, na mengine yote wanayaacha yaning'inie.

Kikao kilikuwa Alhamisi mchana, Tukuyu. Ajenda mbili: bei ya msimu, na kalenda ya kuchuma, yaani shamba lipi lianze, lipi lifuate, na lori la mzigo liingie lini. Jumatano saa 5 asubuhi kijana wetu wa ubora akaja na karatasi ya vipimo. Kabla ya kuchuma Hass tunapima drai mata, ile sehemu ya nyama ya tunda inayobaki maji yakishakauka. Unachukua matunda kadhaa shambani, unakata vipande vyembamba vya nyama, unapima gramu 10, unakausha kwenye maikrowevu kwa moto mdogo, unatoa na kupima, unarudisha, hadi mizani isomeke namba ileile mara mbili mfululizo. Zikibaki gramu 2.4, drai mata yako ni asilimia 24. Mashamba ya Kiwira na Kyimo yalikuwa yamezunguka kwenye 24. Shamba la juu, kuelekea Isongole kwenye baridi, lilisoma 20.

Kiwango cha UNECE, tume ya Umoja wa Mataifa inayotoa viwango vya mazao, kwa Hass ni angalau asilimia 21, na wanunuzi wengi hutaka zaidi ya hapo. Tunda lililochumwa kabla ya kukomaa halikwambii kitu siku ya kuchuma. Lina rangi nzuri, lina uzito, linang'aa. Likifika sokoni ndipo linanyauka ngozi na kulainika vibaya kama mpira, na lawama inarudi kwa aliyelifungasha. Kwa hiyo 20 ilikuwa na maana mbili zinazowezekana: ama shamba lile kweli lilikuwa bado, ama sampuli ilichumwa vibaya. Parachichi huweza kuchanua kwa awamu, na mti mmoja ukawa na matunda ya umri tofauti. Mchumaji akiokota yale ya maua ya mwisho, namba inashuka bila shamba kuwa na kosa. Ilibidi kupima upya, na kupima upya kulihitaji Alhamisi yote: kupanda juu asubuhi, watu wawili wachume kila mmoja kivyake, warudi, tukaushe.

Swali la kwanza tulilojiuliza lilikuwa kama kikao kingeweza kuendelea bila namba ile. Ni swali ambalo watu hulivuka haraka, kwa hofu au kwa uvivu. Bei tungeweza kuizungumza. Kalenda tusingeweza, kwa sababu shamba la juu ndilo kubwa kuliko yote, na lilikuwa limewekwa katikati ya ratiba. Likiondoka pale, malori yote yaliyo mbele yake na nyuma yake yanahama. Mama angekuja, tungezungumza nusu, halafu angelazimika kurudi au kukubali kalenda kwa simu, jambo ambalo tangu mwanzo alisema halitaki. Lau kalenda ingekuwa jambo dogo, ningesema tuendelee tu na hiyo nusu. Kikao kinachobaki na sehemu yake kuu kisisogezwe.

Swali la pili lilikuwa la saa: ni lini hasa mama anaanza kupoteza kitu ambacho hakirudi? Tuliorodhesha tunayoyajua. Tiketi ya ndege ya Dar kwenda Songwe, Alhamisi asubuhi. Kwa kawaida kubadili tarehe kabla ya safari hugharimu ada na tofauti ya nauli, lakini kutotokea kabisa uwanjani hugharimu zaidi. Gari la kumpokea Songwe, ambalo tulilikodi sisi. Chumba Tukuyu, usiku mmoja. Saa ya kuamua ilitoka kwenye orodha hiyo. Tulipaswa kumpigia akiwa bado ofisini kwake, akiwa na mtu wa kumsaidia kubadilisha mambo. Tukajipa saa moja. Ikifika saa 6 mchana, iwe tumeamua au la, tunapiga.

Hapo ndipo wengi hukwama. Wanasubiri wawe na uhakika kamili. Kijana wa ubora naye alitaka kwanza akimbie Isongole arudi na sampuli jioni ileile, "pengine itakuwa sawa tu, tusimshtue mama bure." Nilimwelewa. Lakini akirudi saa 12 jioni na 20 nyingine, au mvua ikamzuia, au umeme ukakatika maikrowevu ikiwa katikati, tungempigia mama usiku akiwa ameshamuaga kila mtu. Taarifa ya mchana yenye shaka kidogo inamfaa mteja kuliko taarifa ya usiku yenye uhakika.

Kabla ya kupiga simu kulikuwa na kazi moja ya ndani, na hii lazima ifanywe kwa utulivu. Huwezi kumpa mteja siku mpya kama hujui watu wako wapo siku hiyo. Nilimpigia mwenyekiti wetu, mzee anayeheshimiwa, nikampigia afisa ushirika wa halmashauri, nikaongea na katibu. Sikumtangazia mtu kwamba kikao kimeshasogea. Nilitaka kwanza kujua nani yupo Jumamosi na nani yupo Jumanne. Tukuyu ni mji mdogo. Ukisema "kikao hakipo" saa 5, saa 7 mkulima wa Kandete ameshampigia wakala wa mama kuuliza kama kweli mnunuzi amejitoa. Mteja akisikia habari ya kikao chake kutoka kwa mtu mwingine kabla yako, simu yako haitakuwa na kazi tena.

Katibu ni Msabato. Jumamosi hawezi, na sikuwa na nia ya kumwomba aweze. Tukakubaliana kwamba nyaraka zote anazopaswa kuzisaini azisaini Ijumaa kabla jua halijazama, na mhasibu akae kwenye kiti chake. Nalitaja hili kwa sababu ndivyo siku ya pili inavyovunjika: si kwa jambo kubwa, kwa mtu mmoja ambaye hakuulizwa. Mteja anayesogezewa kikao mara moja anasahau. Wa mara mbili anaanza kutafuta kikundi kingine Busokelo au Njombe.

Mwenyekiti alikuwa na pingamizi lake, na lilikuwa zito. "Kwa nini tumwambie udhaifu wetu? Sema afisa ushirika amepata udhuru." Kwa mzee mwenye mauzo ya miaka mingi mgongoni, namba 20 ni silaha unayompa mnunuzi siku ya kuzungumza bei. Nilimjibu kwamba mama ana mtu wake wa ubora, ataomba karatasi ya vipimo siku yoyote ile, na tarehe ya kipimo imeandikwa juu yake. Atahesabu mwenyewe kwamba Jumatano tulijua. Na afisa ushirika anapokea simu za mama moja kwa moja. Uongo wa udhuru unahitaji watu wote wakumbuke hadithi moja, na sisi tulikuwa zaidi ya kumi.

Nina mashaka hasa na uongo wa msiba. Huku kwetu msiba unasimamisha kila kitu, hakuna mteja atakayeuliza swali, na kwa sababu hiyo watu wameutumia hadi umechakaa. Mteja akija baada ya wiki anakupa pole, anauliza marehemu alikuwa nani, na anatoa rambirambi. Utaipokea kwa mkono gani? Kama sababu yako ni ya ndani kweli na hutaki kuieleza, "jambo la kifamilia" linatosha, mradi mara baada yake ije siku mpya yenye saa na mahali. Sababu fupi inavumilika ikiwa mpango umekamilika.

Saa 6 kasoro nikapiga. Simu, si ujumbe. Ujumbe unaweza kukaa bila kusomwa hadi jioni, na mteja mkubwa akiusoma mbele ya wenzake hawezi kukuuliza swali palepale. Salamu haziwezi kurukwa, mama ni mkubwa kwangu, na shikamoo yake lazima ipate marahaba yake. Lakini baada ya "nyumbani hawajambo?" nikaingia kwenye jambo lenyewe:

"Mama, nakupigia sasa kabla hujafunga safari. Naomba tukisogeze kikao cha kesho. Shamba letu la juu limesoma drai mata 20, mengine yote yako 24. Kesho tunapima upya, na bila namba hiyo kalenda tutakayokupa haitakuwa ya kweli. Nina siku mbili za kukupendekezea, ila kwanza niambie, safari yako ilikuwa ya kwetu tu au ulikuwa na vituo vingine?"

Swali hilo la mwisho ndilo lililookoa mambo. Nilikuwa nimejiandaa kusema Jumamosi au Jumanne, huku nikidhani kwamba Jumanne ingemfaa zaidi kwa kuwa ingempa muda wa kubadili tiketi. Kumbe Ijumaa alikuwa na miadi Njombe, kwa mkulima mwingine wa parachichi. Tungemhamishia safari yote Jumanne, tungekuwa tumemvunjia na kikao cha watu wengine wasiotuhusu. Hapo angalau tukaona njia: aje Alhamisi kama alivyopanga, tiketi isiguswe, gari limpokee Songwe lakini lisipande Tukuyu. Likifika Uyole lishike barabara kuu hadi Makambako, kisha Njombe, alale huko. Ijumaa afanye kazi yake. Ijumaa jioni arudi Mbeya, Jumamosi saa 4 asubuhi awe kwetu.

Kutoka Mbeya mjini hadi Makambako ni kama kilomita 170, na kutoka hapo Njombe ni kama 60 tena, kwenye barabara inayobeba malori ya Tunduma na Zambia. Si safari ya kumbebesha mtu bila kumuuliza. Alisema afadhali hivyo, kwa sababu angeisafiri kwa vyovyote, imebadilika tu mpangilio. Gharama mpya zilikuwa mbili: tiketi yake ya kurudi, ambayo ilihama kutoka Jumamosi mchana hadi Jumapili, na usiku mmoja wa ziada wa hoteli. Nikasema palepale kwamba zote mbili ni za AMCOS. Usiliache jambo la pesa hadi mteja alitaje. Akilitaja yeye, hata ukikubali, imeshakuwa madai.

Kuomba radhi niliomba mara moja, mwishoni: "Samahani kwa usumbufu, mama, na asante kwa kutuelewa." Kuna watu wanaomba radhi kila sentensi ya pili, wakidhani ndiyo heshima. Mteja analazimika kukutuliza wewe, na muda wote huo hajajua atalala wapi kesho.

Jumamosi tuliichagua kwa hesabu. Kipimo kingetoka Alhamisi jioni kama kila kitu kingekwenda vizuri. Ijumaa tuliiacha wazi kwa makusudi, kwa ajili ya mvua, umeme au sampuli iliyokosewa. Tungeweka kikao Ijumaa jioni tungekuwa tunapima huku mgeni anapanda kilima. Siku mpya inahesabiwa kwa kuanzia kwenye kazi iliyobaki, halafu unaiongezea nafasi ya kazi hiyo kuharibika mara moja.

Dakika chache baada ya simu nikamtumia ujumbe wa wasapu, ili yaliyosemwa yawe na maandishi:

"Mama, kama tulivyozungumza: kikao chetu sasa ni Jumamosi saa 4:00 asubuhi (10:00), mahali palepale, kituo cha AMCOS, Tukuyu. Kesho dereva yuleyule anakupokea Songwe na kukupeleka Njombe, Ijumaa jioni anakurudisha Mbeya. Majibu ya shamba la juu nitakutumia Ijumaa kabla ya saa 8:00 mchana (14:00), hata yakiwa mabaya. Rasimu ya mkataba na bei tuliyopendekeza haijabadilika, iko kwenye barua pepe ya Jumatatu. Tiketi ya kurudi na usiku wa ziada ni juu yetu."

Saa nimeziandika kwa namna zote mbili kwa sababu ofisi yake inatumia kalenda ya kompyuta inayosoma saa 24, na msaidizi wake akiona "saa 4" peke yake anaweza kuandika 04:00 au 16:00. Imeshatokea kwa wengine. Sentensi inayosema ni nini hakijabadilika nayo ina kazi yake. Mtu anaposikia kikao kimehama, moyo wake unaanza kuhisi kila kitu kimehama: bei, gari, mahali. Mtajie yaliyobaki palepale, atapumua.

Halafu kalenda yenyewe. Mwaliko wa kwanza tulikuwa tumeutuma kwa Google Calendar. Kosa la kawaida ni kuufuta na kutengeneza mwingine. Ukifuta, mteja anapata barua pepe inayoanza na "Canceled event", na kama anaisoma msaidizi wake, habari inayofika mezani ni kwamba kikao kimefutwa. Fungua mwaliko uleule, badilisha tarehe na saa, bonyeza Save, na ukiulizwa kama taarifa ipelekwe kwa waalikwa, chagua Send. Kwake inaingia "Updated invitation", na kikao kinahama mahali pake pamoja na viambatisho vyake.

Baada ya hapo ndipo taarifa ikashuka chini: afisa ushirika, viongozi wa vikundi, kisha akina mama waliokuwa wameagizwa ndizi na nyama ya Alhamisi. Nyama ilikuwa haijanunuliwa, kwa bahati. Ndizi zililiwa na wachumaji sampuli.

Je, angekataa? Ingewezekana. Kuna wateja wanaokuja na bosi wao kutoka nje, na siku ya bosi haihami. Kwa mteja wa namna hiyo ningefanya kikao Alhamisi kama kilivyo, niweke karatasi ya 20 mezani, na kalenda ninayompa iwe na shamba la juu mwisho kabisa, kwa sharti la kipimo. Angeondoka na kitu kigumu kidogo kukipokea, lakini angeondoka nacho. Kabla ya kupiga simu ya kusogeza, kuwa na jibu la "haiwezekani" mfukoni. Ukikosa jibu hilo simu inageuka kuwa maombi.

Alhamisi saa 1 usiku mizani ilisoma 21.8 kwa sampuli ya mchumaji mmoja na 21.6 kwa mwingine. Ile ya kwanza ilikuwa imechanganya matunda machanga. Bado shamba lile lilikuwa nyuma ya mengine, kwa hiyo tulilihamishia mwisho wa ratiba. Nilimtumia mama namba zote tatu usiku uleule, pamoja na ile ya 20, na kalenda mpya.

Jumamosi alifika saa 4 na dakika kumi, foleni ya Uyole kama kawaida yake. Hakuna aliyerudia habari ya Alhamisi. Kijana wa ubora alianza na karatasi ya vipimo, mama akamuuliza tunda la shamba la juu lilikuwa na uzito gani, akaandika, akasema kalenda iko sawa. Haikupita nusu saa tukawa tumefika kwenye bei, na mwenyekiti, kama alivyotabiri mwenyewe, akasikia ile 20 ikitajwa. Alikuwa amejiandaa. Akamwambia kikundi kinachompigia mnunuzi kumwonyesha namba mbaya hakiuzi kwa bei ya chini, na hapo wakavutana hadi ndizi zikapoa.